Igizo fupi la Kifaransa kuhusu kuhifadhi maji kijijini: wanafunzi wanakwama, nisaidieni

Mwalimu_Ukambani
Wadau, hamjambo. Nafundisha Kifaransa shule ya upili huku Makueni na ndimi mlezi wa chama cha maigizo. Tunaandaa igizo la dakika kama 10 la shindano la wanafunzi, waigizaji saba, wote kidato cha tatu. Mada ni kuhifadhi maji kijijini. Rasimu ipo, ila mazoezini haisongi. Mwende, msichana anayewahamasisha wanakijiji, anafungua hivi:

MWENDE : Mes chers amis, l'eau est une ressource précieuse. Il est indispensable que nous la préservions pour les générations futures.

Yaani maji ni rasilimali ya thamani, ni lazima tuyahifadhi kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kufika kwenye "indispensable" pumzi zimemwishia. Wenzake wamesimama tu wanamsubiri amalize. Akimaliza, mzee wa kijiji naye anatoa hotuba yake, halafu wote wanaimba kwamba tufunge bomba. Nipunguze Kifaransa au nipunguze waigizaji?

JukwaaLaZamani
Mwalimu, usipunguze waigizaji. Nimeelekeza maigizo ya shule hadi nikastaafu, ya Kiswahili na ya Kifaransa, na ninachokiona hapa ni kwamba hakuna anayegombania kitu. Mwende anataka maji yahifadhiwe. Mzee anataka. Kijiji kizima kinataka. Asiyetaka ni nani? Kama hakuna mtu mwenye sababu nzito ya kumpinga Mwende, waigizaji hawana la kufanya jukwaani ila kuhutubia, na hotuba kwa lugha ngeni ni mzigo kwa mtoto.

Nijibu hili kwanza: hapo kijijini mnapopaandika kuna bomba kweli? Wanafunzi wako nyumbani kwao wanateka wapi?

Mwalimu_Ukambani
Bomba liko shuleni na sokoni. Wengi wao wanateka mtoni. Mto wetu ni wa msimu, kiangazi unabaki mchanga mtupu na watu wanachimba mpaka wayakute maji.

Paa_Dodoma
Mwalimu, pole na shida ya maji. Sisi huku Dodoma shuleni kwetu tulihangaika hivyo hivyo mpaka tukaweka mifereji kwenye paa na tangi chini. Paa la mita za mraba 60, mvua ikinyesha milimita 10, unapata karibu lita 600, ukiondoa kidogo inayomwagika na ile ya mwanzo unayoiachia ioshe bati. Mtungi mmoja una lita 20, piga hesabu mwenyewe. Fundi mzuri anamaliza kazi kwa siku chache. Kama mnahitaji michoro nitawatumia.

Mwalimu_Ukambani
Ahsante sana ndugu yangu, ila hapa nazungumzia igizo la jukwaani. Shule ina tangi.

Paa_Dodoma
Aa, sawa. Basi mpe mhusika mmoja aifanye hesabu hiyo jukwaani, watazamaji waelewe faida.

JukwaaLaZamani
Kwa Kifaransa cha mwaka wa tatu, mwanafunzi atasoma tarakimu na mtazamaji hatazikamata. Igizo fupi linabeba tarakimu moja, labda mbili. Ikiwa ni moja, iwe inayomuuma mtu.

Mwalimu, bomba liache. Kiangazi, mto mkavu, mtu anachimba mchangani kwa kibuyu: hapo mtazamaji anatazama bila neno kusemwa. Sasa nani anaudhuru huo mto?

Mchanga_na_Mawe
Naingia hapo kwa kuwa ndiyo kazi yangu, tunajenga malambo ya mchanga, yaani kuta za kukinga mchanga na maji kwenye mito ya msimu, Machakos na Makueni. Mto unaudhuriwa na lori. Mchanga wa mtoni unauzwa kwenda kujengea nyumba mjini, na mambo haya yameleta ugomvi mkubwa huko kwenu hadi kaunti ya Makueni ikatunga sheria ya mchanga mwaka 2015. Mwalimu, wanafunzi wako wanayajua haya kuliko mimi.

Kwa wasioujua mto wa namna hii: mafuriko yakipita, maji hayaishi yote. Mengine yanabaki katikati ya chembe za mchanga, chini. Mchanga mkubwa wa mtoni, katika mita moja ya ujazo, unaweza kukuachia maji kama lita 250 ukichimba. Jua linakausha sehemu ya juu, lakini ukishuka zaidi ya sentimita 60 hivi maji yanakaa salama muda mrefu, maana jua haliyafikii. Ndiyo maana bibi anachimba mto "mkavu" na anajaza mtungi.

Tuchukue lori dogo linalobeba mita 4 za ujazo. Mara 250, ni lita 1,000. Mitungi 50 ya lita 20. Lori likiondoka na mchanga uliokuwa umelala kwenye maji, limeondoka na nafasi ya mitungi 50 kila msimu mafuriko yanapopita, mpaka mto ulete mchanga mwingine.

Niseme na upande wa pili, ili usiandike kitu cha kupingwa. Lori linalochota ule mchanga wa juu kabisa uliokauka halikuibii mitungi 50 siku hiyo. Linachofanya ni kulisogeza jua karibu na maji. Tabaka lililokuwa limefunikwa sasa ndilo la juu, nalo linakauka. Kwa hiyo hasara huioni siku lori linapoondoka, unaiona mwezi wa tisa bibi anapochimba mpaka kiunoni na hakuna kitu.

JukwaaLaZamani
Umetupa igizo, ndugu. "Un camion de sable, c'est cinquante bidons d'eau." Lori la mchanga ni mitungi hamsini ya maji. Maneno ya mwaka wa kwanza haya, na ndiyo ile tarakimu moja niliyokuwa naitafuta.

Sasa mpinzani. Mnunuzi wa mchanga peke yake hatoshi, yeye ni mgeni, mtamchukia toka anaingia. Mpinzani awe baba yake Mwende. Anauza mchanga alipe karo. Karo ya nani? Ya Mwende.

Mwalimu_Ukambani
Nimesisimka. Na ni kweli kabisa, wapo darasani kwangu wanaosomeshwa na mchanga.

Msafiri_Lyon
Nawasoma kutoka Ufaransa, naishi Lyon mwaka wa tisa sasa. Mazungumzo mazuri, ila angalieni msishushe lugha mno. Waamuzi wanatoa alama za Kifaransa. Mkiandika sentensi za maneno matatu matatu wataona wanafunzi hawajui kitu. Mwalimu, acha angalau ile "il est indispensable que" na kitenzi chake kilichobadilika, hiyo inaonyesha kiwango. Mkiiondoa mnajitoa wenyewe.

JukwaaLaZamani
Kuhusu alama za lugha uko sawa, zipo, na mwalimu asome masharti ya waandaaji wake kabla ya kukata chochote. Lakini nimekaa meza ya waamuzi. Pale hatuhesabu ugumu wa sarufi, tunasikiliza kama mtoto anaelewa anachosema. "Il est indispensable que nous la préservions" ikisemwa na mtoto aliyeikariri, sauti inapanda na kushuka pasipostahili, na mwamuzi anajua papo hapo. "Il faut creuser", lazima tuchimbe, ikisemwa na mtoto ambaye mkono wake umo shimoni, inaingia.

Ukitaka sentensi moja ndefu, mpe mwanafunzi wako mwenye Kifaransa kizuri zaidi, moja tu, iwe ya mnunuzi. Mnunuzi ni mtu wa mjini, kuongea kwake kirefu kutasikika kama tabia yake.

Msafiri_Lyon
Hiyo ya mnunuzi naikubali. Bado naona moja ni kidogo.

Dada_Buja
Salamu kutoka Bujumbura. Mimi nimesoma kwa Kifaransa toka shule ya msingi, niongeze mawili. Huku kijijini hakuna anayesema "ressource". Mtu anaenda "puiser de l'eau", kuteka maji, anabeba "le bidon", mtungi, anapanga foleni kwenye "la borne-fontaine", bomba la umma, kama ipo. Tumieni hayo. Mwamuzi aliyewahi kuishi nchi yetu yoyote inayosema Kifaransa atasikia maisha.

La pili ni matamshi. Sentensi yenu mtakayoitumia zaidi ni "Il n'y a plus d'eau", hakuna maji tena. Hapo "plus" haitamkwi s. Mwanafunzi akiitamka s, sikio la mtu wa Kifaransa linavutwa kwenye "maji zaidi", na igizo linageuka kichwa chini kwenye mstari wa kwanza. Sikiliza mazoezini, utaona nusu yao wanaitamka kwa sababu wameisoma kwenye karatasi kabla ya kuisikia.

Mwalimu_Ukambani
Dada, hilo lipo! Na ile irabu yenyewe ya "plus" wanaitamka "u" yetu.

Dada_Buja
Waambie waseme "i" ndefu, ulimi usisogee hata kidogo, halafu wachongoe midomo kama mtu anayepiga mluzi. Sauti inayotoka ndiyo hiyo. Wakisogeza ulimi nyuma imerudi kuwa "u". Wafanye wawili wawili, mmoja anatazama midomo ya mwenzake. Wakiipata kwenye "plus" wameipata na kwenye "Susu", kama bibi yenu mtamwita jina hilo la Kikamba na mnataka lisomwe Kifaransa. Mimi ningeliacha lisomwe Kikamba.

Mwalimu_Ukambani
Nimekaa nalo siku kadhaa na wanafunzi. Nawawekea sehemu mbili. Ya kwanza ndiyo mwanzo wa igizo:

```
(Le lit d'une rivière, à sec. SUSU creuse avec
une calebasse. MUTUA porte un bidon vide.)
MUTUA : Il n'y a plus d'eau.
SUSU : Creuse.
MUTUA : Où ?
SUSU : Ici.
(Il creuse.)
MUTUA : Rien.
SUSU : Encore.
MUTUA : Rien, Susu !
SUSU : Encore.
(Il s'arrête. Il montre sa main.)
MUTUA : C'est mouillé.
```

Mutua ni kaka mdogo wa Mwende. Anasema maji yamekwisha, bibi anamwambia chimba, anachimba, hakuna, chimba tena, hakuna, tena, mpaka mkono unatoka na unyevu. Ya pili ni pale mnunuzi anapokuja:

```
L'ACHETEUR : Dix camions. Je paie aujourd'hui.
LE PÈRE : D'accord.
MWENDE : Papa, non !
LE PÈRE : Le sable paie ton école.
MWENDE : Et l'eau ?
LE PÈRE : Quelle eau ? Regarde ! C'est sec.
(SUSU pose un seau de sable. Elle verse
de l'eau dedans. Silence.)
L'ACHETEUR : Elle est où, l'eau ?
(SUSU enlève le bouchon.)
```

Baba anamwambia binti yake mchanga ndio unaolipa shule yako. Bibi anamimina maji kwenye ndoo ya mchanga, yanapotea, mnunuzi anauliza yako wapi, bibi anachomoa kizibo na maji yanatiririka mbele ya watu wote. Wazo la ndoo ni la Mutua mwenyewe, kijana anayemwigiza.

JukwaaLaZamani
Mwalimu, hiyo "Encore" ya pili mwambie mtoto asiharakishe. Asubiri Mutua amuangalie usoni ndipo aseme. Hata asiyejua Kifaransa ukumbini atakuwa amelielewa hilo neno kufikia mara ya pili, na mkiisema mwishoni mwa igizo italipa.

Na huyo baba usimpe mstari wa kuonyesha ni mbaya. "Le sable paie ton école" inatosha. Mwigizaji aiseme kwa upole.

Mchanga_na_Mawe
Hilo la ndoo limenifurahisha, ila mkilifanya bila matayarisho litawaaibisha jukwaani. Mchanga mkavu ukiumwagia maji, sehemu inanata kwenye chembe na haitoki. Mkitia lita mbili, mtaona kidogo tu kikichuruzika, halafu kimya.

Fanyeni hivi. Chukueni mchanga mkubwa wa mtoni, mwoshe mpaka maji ya kuoshea yawe safi, maana tope laini ndilo linaloshika maji na kuziba njia. Ndoo ya lita 10, toboeni tundu ubavuni karibu kabisa na kitako, ndani yake wekeni kipande cha wavu wa dirishani ili mchanga usitoke. Jazeni mchanga hadi karibu na ukingo. Saa moja kabla ya igizo mwagieni maji mpaka yatiririke, mwache yachuruzike yote, kisha zibeni. Sasa mchanga umeshachukua hisa yake. Jukwaani mkitia lita 2 zitazama zote zisionekane, na mkichomoa kizibo zitatoka karibu zote. Wapeni sekunde chache kati ya kumimina na kuchomoa, maji yapate kushuka.

Kama mkipata ndoo nyeupe inayoonyesha ndani ni bora zaidi.

Dada_Buja
Na chini wekeni sufuria, si beseni la plastiki. Watu wa nyuma hawataona maji lakini watayasikia.

Mwalimu_Ukambani
Tumejaribu leo kwa maelekezo yako, Mchanga. Mara ya kwanza tulitumia mchanga wa uwanjani kwa kuwa ulikuwa karibu, maji yalitoka ya kahawia, kidogo. Tukatuma vijana mtoni, tukaosha, yakatoka mengi na safi. Darasa zima lilinyamaza wakati yanatoka. Yule anayeigiza baba akasema pale pale, bila kuambiwa, "Encore." Nimeuacha mstari huo.

Sasa nakwama mwisho. Mnunuzi anaondoka na pesa zake au baba anauza? Wanafunzi wamegawanyika. Na kuna wazo la kumalizia kwa "Il y a plus d'eau", safari hii s itamkwe, kuna maji zaidi, ijibu ule mstari wa kwanza wa Mutua.

Dada_Buja
Nalipenda sana. Mstari ule ule, herufi moja inatamkwa, kila kitu kimegeuka. Mtu wa Kifaransa atatabasamu.

JukwaaLaZamani
Mimi naogopa. Ni shindano la wanafunzi. Mwamuzi akisikia s kwenye "plus" hatadhani ni ufundi, atadhani ni lile kosa la kila mwaka na atakata alama. "Il y a encore de l'eau", bado kuna maji, ni salama, na inalirudisha neno la bibi.

Msafiri_Lyon
Waamuzi wana maandishi ya igizo mbele yao, wataona hakuna "n'". Nakubaliana na dada wa Bujumbura.

JukwaaLaZamani
Wanayo mezani, hawayafuati mstari kwa mstari. Wanaangalia jukwaa.

Kuhusu baba: asikatae pesa ghafla. Karo bado ipo. Mkimfanya abadilike kwa ndoo moja ya mchanga, mtakuwa mmeipuuza shida yake. Mnunuzi aseme atarudi kesho, "Je reviens demain", aondoke. Baba abaki na mchanga mkononi.

Mchanga_na_Mawe
Kuna njia nyingine iliyo ya kweli. Sehemu nyingine wanakijiji hukubaliana mchanga uchotwe mahali pamoja palipotengwa, mbali na lambo na mbali na wanapochimba maji, na pesa zigawanywe. Si baba anauza wala si baba anakataa. Ila sijui mtaingizaje hilo kwenye dakika zilizobaki.

Paa_Dodoma
Mwalimu, nami niulize. Hao watu wanaokunywa maji ya kuchimba mtoni, mifugo wanainyweshea wapi? Kwetu tulikuwa na kisima kimoja, ng'ombe na watu pamoja, watoto wakaharisha.

Mchanga_na_Mawe
Swali zuri. Wanaojipanga wanachimba shimo la mifugo upande wa chini mto unakoelekea, la watu upande wa juu na wanalizungushia miiba. Wasiojipanga ni kama ulivyosema.

Mwalimu_Ukambani
Hiyo miiba tunaiweka. Susu ataingia jukwaani akiburuta tawi la miiba, kabla hata ya kuchimba, na Mutua atamuuliza kwa nini, "Pourquoi ?" naye atajibu ng'ombe, "Les vaches." Maneno mawili tu.

Mwisho nitaufanyisha kwa njia mbili wiki hii, wa "plus" na wa "encore", mbele ya wanafunzi wa kidato cha kwanza wasiojua igizo, nione upi wanauelewa. La baba tumeamua pesa zibaki mkononi mwa mnunuzi, amezinyoosha, taa zizimwe kabla baba hajazipokea. Anayemwigiza Mwende hakubali, anasema lazima ijulikane kama atarudi shuleni.

JukwaaLaZamani
Msikilize huyo msichana. Mpe mstari mmoja amwambie baba yake hapo kabla ya taa, auandike mwenyewe, wewe msahihishie Kifaransa tu.